Mba wa Mafuta au Soriasisi? Usipake Mafuta Kabla ya Picha

Mkazi wa Ngoliba anayempigia daktari picha ya kichwa kinachowasha asipake mafuta kwanza. Mafuta huficha magamba, na magamba ndiyo yanayotofautisha magonjwa haya mawili.

Mba wa mafuta, yaani dematitisi ya seborea, huonyesha magamba ya manjano yanayonata, bila ukingo dhahiri. Tazama pia nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi sehemu hizo mara nyingi hupauka. Usisubiri ule wekundu wa picha za Wazungu.

Soriasisi ni baka lililoinuka, lenye ukingo unaoonekana wazi na magamba makavu, mazito, ya rangi ya fedha. Kwetu baka lenyewe huwa la zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingi huvuka mstari wa nywele hadi kwenye paji. Piga picha ya viwiko, magoti na kucha pia, kwani kucha zenye vishimo vidogo huelekeza kwenye soriasisi.

Hakuna linaloambukiza, kwa hiyo kinyozi hana lawama.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ikiachwa kichwani dakika 3 hadi 5, mara 2 kwa wiki, kwa kawaida hutuliza mba wa mafuta katika wiki 4. Baka likibaki nene vilevile, nenda kituo cha afya ukakaguliwe.