Gesi imebaki kiasi gani? Ukweli uko kwenye uzito

Mtungi wa gesi wa kilo 6 hauonyeshi kilichomo. Wapo wanaoutikisa, wapo wanaoumwagia maji ya moto ubavuni na kupapasa mahali ubaridi unapoanzia. Hata geji ya presha haisaidii. Maadamu kuna gesi ya kimiminika ndani, iwe kikombe kimoja tu, presha hufuata joto la chumba na si kiasi kilichobaki. Ikianza kushuka, umekwishachelewa. Kinachopungua kila unapopika ni uzito, na siku hizi fundi wa kawaida anaweza kutengeneza mizani ya kukaa chini ya mtungi kwa vitu vitatu: kihisi cha uzito, kigeuzi kiitwacho HX711 na bodi ya Arduino.

Kihisi chenyewe ni kipande cha alumini chenye urefu kama wa kidole, kimetobolewa katikati ili kipinde mahali panapojulikana. Juu yake zimebandikwa nyuzi nne nyembamba za metali. Mzigo ukiwekwa, alumini hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Nyuzi mbili huvutika na ukinzani wake kupanda, mbili hubanwa na ukinzani wake kushuka. Zimeunganishwa kwa mpangilio wa daraja la Wheatstone, ambao hutoa nje tofauti tu kati ya pande hizo mbili.

Tofauti hiyo ni ndogo mno. Kihisi cha kilo 20 cha aina inayopatikana kwa urahisi hutoa takriban milivolti 1 kwa kila volti unayokilisha, mzigo ukiwa umejaa. Ukikilisha volti 5, kilo 20 zote zinakupa milivolti 5. Sasa mlango wa kupimia wa Arduino Uno hugawa volti 5 katika hatua 1,024, yaani kila hatua ni karibu milivolti 5. Kilo 20 nzima zingeonekana kama hatua moja! Ndiyo maana kigeuzi kinahitajika.

HX711 hukuza ishara hiyo mara 128, kisha huigawa katika hatua za biti 24, ambazo ni hatua 16,777,216. Kihisi chetu hutumia sehemu yake tu: kutoka sifuri hadi kilo 20 kinapita takriban hatua 2,147,000, sawa na 107 hivi kwa kila gramu. Uzuri wa chipu hii ni kwamba volti inayolisha daraja ndiyo hiyo hiyo inayotumika kama rula ya kupimia. Chaja ikishuka kidogo, ishara na rula hushuka pamoja, na jibu halibadiliki. Shika namba hiyo ya 107, maana itakuwa shahidi wetu baadaye.

Kwenye ufungaji, jambo moja huharibu kazi za wengi. Upande mmoja wa kipande cha alumini hufungwa kwa skrubu kwenye ubao wa chini, upande wa pili kwenye ubao wa juu, na washa huwekwa katikati ili kipande kining'inie bila kugusa ubao mahali pengine. Kikigusa, mzigo unapita pembeni na namba hazisogei hata ukisimama juu yake. Waya huwa nne, na kwa kawaida nyekundu huenda E+, nyeusi E-, kijani A+ na nyeupe A-. Namba zikishuka unapoongeza mzigo, badilishana kijani na nyeupe, au geuza kipande, kwani kina mshale unaoonyesha uzito unakoelekea.

Baada ya hapo unasoma namba ghafi. Tuchukue mfano. Mizani haina kitu juu yake ila ubao wake, na namba zinazunguka 84,300. Hiyo si gramu wala si kosa. Nyuzi nne hazilingani kamwe kikamilifu, na ubao nao una uzito wake. Hii ndiyo sifuri ya mizani yako, nawe utaitoa katika kila kipimo.

Kisha weka uzito unaoujua. Pakiti ya unga haifai sana, kwa sababu kilo iliyoandikwa haihesabu mfuko, na ujazaji hutofautiana. Muombe muuza duka mawe ya mizani yaliyohakikiwa, mawili ya kilo 5. Usisawazishe kwa jiwe la nusu kilo ilhali utapima kilo 13, maana kosa dogo kwenye jiwe dogo litazidishwa mara ishirini na sita. Tuseme kwa kilo 10 namba imepanda hadi 1,147,900. Toa 84,300, unapata 1,063,600. Gawa kwa gramu 10,000, unapata 106.36. Hicho ndicho kigawanyo cha mizani yako, yaani idadi ya hatua katika gramu moja.

Sasa mwite yule shahidi. Tulitarajia 107, tumepata 106.36, kwa hiyo kazi ni nzuri. Ungepata 53 au 430 ungejua kuna tatizo: labda kihisi si cha kilo 20 kama ulivyoambiwa dukani (cha kilo 5 hutoa karibu 430), au ubao unagusa mahali. Wengi hunakili kigawanyo kutoka mradi wa mtu mwingine, jambo ambalo silielewi, kwani kila kihisi kina chake. Kisha toa jiwe moja: kwa kilo 5 namba inapaswa kuwa karibu 616,100. Ikiwa mbali na hapo, mizani haipandi kwa mstari ulionyooka, na sababu mara nyingi ni skrubu iliyolegea. Sogeza jiwe pembeni pia. Namba zikibadilika sana, ubao unapinda au umekaa vibaya.

Kwenye mtungi, suala la sifuri linakuwa gumu kidogo. Mifano mingi ya programu huita amri `tare()` kila bodi inapowashwa, nayo huchukua chochote kilicho juu ya mizani na kukiita sifuri. Kwa mizani ya jikoni ya kupimia unga ni sawa. Kwa mtungi ni balaa: umeme ukikatika usiku na kurudi, mizani itaamka na kutangaza kwamba mtungi uliojaa una gramu 0. Hapa sifuri lazima iandikwe ndani ya programu mara moja, mizani ikiwa tupu.

Uzito wa kupunguza wa pili ni chuma. Mtengenezaji wa mtungi huandika uzito wa mtungi mtupu kwenye kola yake. Tuseme wako umeandikwa kilo 7.2. Kama unapikia juu ya mtungi wenyewe, ongeza kichwa cha jiko, ambacho hakimo katika namba ile. Kipime peke yake, tuseme gramu 400. Jumla ni gramu 7,600.

```cpp
#include "HX711.h"
HX711 mizani;
const float CHUMA = 7600;

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  mizani.begin(3, 2);
  mizani.set_offset(84300);
  mizani.set_scale(106.36);
}

void loop() {
  float g = mizani.get_units(20) - CHUMA;
  Serial.println(g, 0);
  delay(60000);
}
```

Asubuhi moja namba ghafi ni 1,296,000. Toa 84,300, gawa kwa 106.36, unapata gramu 11,392. Toa chuma na kichwa cha jiko, zinabaki gramu 3,792. Kama familia inamaliza kilo 6 kwa siku 30, inatumia gramu 200 kwa siku, hivyo kuna gesi ya siku 18 au 19. Sufuria ikiwa juu nayo itahesabiwa kuwa gesi, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni cha usiku, jiko likiwa halina kitu.

Tuje kwenye kelele, yaani kule kutotulia kwa namba hata mzigo ukiwa haujaguswa. Biti 24 zinavutia kwenye tangazo, lakini hatua za mwisho ni mtetemo mtupu wa umeme. Karatasi ya HX711 inataja kelele ambayo kwa hesabu yetu ni kama hatua 21, au gramu 0.2. Hicho ni kiwango cha maabara. Jikoni, kwa waya mrefu na chaja mbovu, tarajia zaidi. Chipu ikiwekwa kwenye kasi ya vipimo 10 kwa sekunde hutulia kuliko kwenye 80, na pia huchuja mtetemo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50. Wastani wa vipimo 20, kama kwenye programu hapo juu, hupunguza kelele kwa zaidi ya mara nne na huchukua sekunde 2 tu. Gesi haina haraka.

Wastani, hata hivyo, una adui wake: kipimo kimoja cha ajabu. Bodi ikishughulika na kazi nyingine katikati ya usomaji, biti moja inaweza kupotea na namba kuruka mbali kabisa, kisha wastani wote ukaburuzwa nayo. Dawa ni kupanga vipimo kutoka kidogo hadi kikubwa na kuchukua cha katikati. Ukiona 8388607 mfululizo, hiyo si kelele. Chipu imefika mwisho wa rula yake, na mara nyingi waya wa kihisi umekatika au haukushika. Ukiona -1 isiyobadilika, kagua waya kati ya chipu na Arduino.

Kuna jambo ambalo wastani haulitibu, nami naliona ndilo kikomo halisi cha mizani hii. Alumini hubadilika kwa joto la jikoni, tena ikibebeshwa mzigo kwa saa nyingi huendelea kulegea polepole. Uyumbaji wa sehemu moja tu kwa elfu ya kilo 20 ni gramu 20, mara mia ya ile kelele ya maabara. Ukitaka kuujua wa kwako, acha jiwe la kilo 10 juu ya mizani mchana na usiku huku ukiandika namba na joto. Kwa hiyo usionyeshe gramu kwenye kioo. Onyesha mamia ya gramu, kwa sababu ndiyo unayoweza kuyatetea.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni, pale pale mizani ilipo. Usiweke swichi, rilei wala plagi karibu na mtungi. Chipu ibaki karibu na kihisi, Arduino na chaja yake viwe juu na mbali.

Na siku ya kubadilisha mtungi, kabla hujaweka mpya, soma tena namba ya mizani ikiwa tupu na uiingize mahali pa ile ya zamani. Hivyo utafuta uyumbaji wa mwezi mzima. Kisha soma kola ya mtungi uliopewa na ubadilishe namba ya chuma, kwa sababu mtungi unaorudi nao kutoka dukani si ule uliopeleka, na uzito wake mtupu unaweza kutofautiana kwa gramu mia kadhaa.