Kapi Dogo Lina Mzigo Wake

Kamba ya waya inayopandisha tani 2 kila siku inaweza kukatika siku moja ikiwa na tani 2 zile zile. Watu husema ilizidiwa na mzigo. Ukiuangalia mkato, mara nyingi utakuta umetokea pale kamba ilipokuwa ikipita juu ya kapi, si kwenye sehemu iliyokuwa ikining'inia.

Tuchukue kamba ya kawaida ya winchi, yenye unene wa milimita 16 hivi. Ina misokoto sita iliyozungushwa kwenye utambi wa katikati, ambao mara nyingi ni wa nyuzi za mkonge. Kila msokoto una nyaya 19, kwa hiyo nyaya zote ni 114, na kila mmoja una kipenyo cha karibu milimita 1. Ukijumlisha chuma cha nyaya hizo unapata takribani milimita za mraba 90. Tani 2 ni kama nyutoni 20,000. Zigawe kwa 90, na kila milimita ya mraba inabeba nyutoni 220 hivi. Chuma cha nyaya hizi huweza kuhimili hadi 1,770. Kwa hesabu hiyo kamba inafanya moja ya nane tu ya kazi inayoiweza, na fundi ana haki ya kulala usingizi.

Lakini hesabu hiyo ni ya kamba iliyonyooka. Ikilizunguka kapi, upande wa nje wa kila waya hulazimika kupita njia ndefu kuliko upande wa ndani. Waya wa milimita 1 kwenye kapi la milimita 300 hurefuka upande wa nje kwa sehemu moja ya 300, na upande wa ndani hubanwa kwa kiasi hicho hicho. Unachohitaji ni kipenyo cha waya ukigawe kwa kipenyo cha kapi. Ukizidisha jibu kwa ugumu wa chuma, unapata mkazo wa kupinda, kisha unaujumlisha na ule wa mzigo:

σ = F/A + E·d/D

Kinachoshangaza wengi ni kwamba d hapo ni unene wa waya mmoja, si wa kamba nzima. Kama kamba hii ingekuwa fimbo moja ya chuma ya milimita 16, isingeweza kulizunguka kapi hilo bila kupinda moja kwa moja. Nyaya zilizosokotwa huteleza kidogo zenyewe kwa zenyewe, na hiyo ndiyo sababu grisi iliyo ndani ya kamba si pambo. Kwa sababu ya kuteleza huko, wasanifu wengi huweka kwenye E ugumu wa kamba, yaani 83,000 hivi, badala ya 200,000 za chuma kitupu.

Kwa kapi letu la milimita 300, mkazo wa kupinda unafika karibu 280. Umeshaupita ule wa mzigo! Ni kana kwamba kapi limening'iniza tani 2.5 zake juu ya zile 2 za kwetu, na jumla ni 500. Fundi akibadilisha akaweka kapi la milimita 150 kwa kuwa ndilo lililopatikana dukani, kupinda kunapanda hadi 550 na jumla inakuwa 770. Akiweka la milimita 600, jumla inashuka hadi 360.

Hata 770 iko mbali na 1,770, na kamba haitakatika siku hiyo. Tatizo ni kurudiarudia. Kila inapopita, kamba inapindwa na kunyooshwa, na waya unachoka kama ule unaoukunja na kuukunjua kwa vidole. Kapi la pili likiipinda kamba upande wa pili, uchovu huja mapema zaidi.

Wilhelm Albert, aliyebuni kamba ya waya kwenye migodi ya Clausthal, Ujerumani, mwaka 1834, alikuwa tayari amechunguza uchovu huu kwenye minyororo. Hata hivyo kamba yake ya kwanza ilikuwa na nyaya 12 tu, kila mmoja milimita 3.5. Kwenye kapi letu la milimita 300, nyaya hizo zingepata mkazo wa kupinda wa karibu 970.

Ndiyo maana kununua kamba nene zaidi ya aina ile ile na kuiacha kwenye kapi lile lile ni nusu ya dawa: nyaya nazo zinanenepa. Afadhali kamba ya unene ule ule yenye nyaya 37 kwa kila msokoto, ambazo ni nyembamba. Ila hizo husagika upesi zikiburuzwa kwenye mchanga na saruji, kwa hiyo kwenye mazingira ya vumbi mimi ningetafuta kwanza kapi kubwa.

Kuikagua, safisha kile kipande kinachopita kapini kila mara, kisha kipinde taratibu mzigo ukiwa umeshushwa. Nyaya zilizokatika hujitokeza. Waya uliokatika kwa uchovu huwa na ncha bapa, kama umekatwa kwa tindo; uliozidiwa na mzigo huwa umenyongeka, ncha yake ikiwa imesinyaa. Kanuni inayotumika sana kwenye kreni ni kuhesabu ndani ya urefu ambao msokoto mmoja unazunguka kamba mara moja: zikifika nyaya sita zilizokatika, au tatu kwenye msokoto mmoja, kamba inatolewa.