Mapigo ya Moyo 46: Afya kwa Mmoja, Hatari kwa Mwingine

Chukua mfano wa wakazi wawili wa wadi ya Mjambere waliofika kupimwa presha asubuhi moja. Wa kwanza ni kijana wa miaka 24 anayekimbia kilomita 12 karibu kila alfajiri. Wa pili ni mama wa miaka 67 ambaye kwa wiki mbili amekuwa akiona kizunguzungu kila anapoinuka kitini. Mashine ya presha huonyesha pia mapigo ya moyo kwa dakika, na wote wawili walisoma 46. Kijana aliambiwa hana tatizo. Mama alipelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kwa nini basi nambari moja ilete majibu mawili?

Moyo wa mkimbiaji

Mwili uliotulia huhitaji takriban lita 5 za damu kila dakika. Moyo wa kawaida husukuma kama mililita 70 kwa kila pigo, hivyo mapigo 70 hutosheleza. Mazoezi ya muda mrefu hupanua vyumba vya moyo na kuimarisha misuli yake. Moyo wa kijana wetu ukisukuma mililita 110 kwa pigo, mapigo 46 yanafikisha lita 5 zile zile. Aidha, mazoezi hubadilisha kile kituo kidogo ndani ya moyo kinachoanzisha kila pigo, kikatulia zaidi. Wanariadha waliokimbia mbio za nyika za dunia hapa Mombasa mwezi Machi 2007 ni watu wa aina hii. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, mapigo ya 40 na kitu akiwa amepumzika si jambo la ajabu.

Moyo wa mama

Moyo wa mama haukupanuliwa na mazoezi. Hata ukisukuma mililita 80 kwa pigo, mapigo 46 hayafikishi lita 4. Anapoinuka, damu huteremka miguuni, ubongo unapungukiwa, na kizunguzungu kinamshika.

Sababu huwa kadhaa. Kwa wazee, kituo kinachoanzisha mapigo huweza kuchoka, au njia ya umeme ndani ya moyo ikaziba, mapigo mengine yasifike. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa uvivu, moyo nao hupungua kasi. Sababu nyingine ya kawaida ni dawa. Mama alipoulizwa, alisema dozi yake ya presha ilikuwa imeongezwa majuzi, na pakiti iliandikwa Atenolol. Dawa hii, pamoja na Propranolol, hupunguza mapigo. Daktari aliipunguza huku akimfuatilia. Mgonjwa asiiache mwenyewe kwa ghafla, kwani presha inaweza kupanda na moyo kudhurika.

Tofauti huonekana wapi?

Tofauti kubwa hujitokeza mwili unapofanya kazi. Kijana akipanda ngazi, mapigo yake hupanda upesi kupita 100, kisha hurudi chini akipumzika. Moyo mgonjwa mara nyingi hubaki chini, na mtu huhema au kuchoka kwa kazi ndogo. Anayeona kizunguzungu asijijaribu kwa ngazi nyumbani. Jaribio hilo lifanywe mbele ya mhudumu wa afya.

Kujipima ni rahisi. Keti kwa dakika 5. Weka vidole viwili, si kidole gumba, juu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Hesabu kwa dakika nzima, kwani ukihesabu sekunde chache utakosa mapigo yanayoruka. Andika nambari hiyo, saa, na dawa unazotumia, uende nayo kituoni.

Kule, kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mapigo yanaanzia wapi na kama yanapita vizuri. Tatizo likija na kuondoka, kipimo cha dakika moja huweza kulikosa. Hapo mgonjwa huvalishwa kifaa cha kurekodi kwa siku nzima au zaidi. Njia ya umeme ikiwa imeziba kabisa, tiba huwa kifaa kidogo chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuuamsha moyo.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Mapigo ya chini yakiandamana na kuzirai, maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Mtu huyo alazwe chini ili asianguke, kisha apelekwe hospitali mara moja. Wanamichezo pia wamo: kijana anayezirai akiwa katikati ya mbio asiambiwe ni moyo wa mkimbiaji. Apimwe kabla ya kurudi uwanjani.