Kuujenga upya wimbo wa kwaya kutokana na rekodi za simu

Nyimbo nyingi za kwaya hupotea bila mtu kutambua. Mtunzi, ambaye mara nyingi ndiye mwalimu wa kwaya, huandika sofa kwenye daftari, huwafundisha waimbaji kwa mdomo sauti moja baada ya nyingine, na wakishashika, daftari halifunguliwi tena. Akifariki, na waimbaji wake wakiolewa au wakihamia miji mingine, daftari hubaki kabatini mpaka mchwa walifikie. Siku mtu akiutaka ule wimbo, kilichopo ni rekodi zilizomo kwenye simu za watu.

Kisa cha kutungwa kinatosha kuonyesha kazi ilivyo. Mwalimu mpya wa kwaya ya usharika mmoja wa mjini, kwaya ya sauti nne, anatangaza kuwa anautafuta wimbo wa mtangulizi wake. Anatumiwa faili 12. Nyingine ni video za dakika moja zinazotikisika, nyingine ni sauti tupu, na karibu zote zinaanza wimbo ukiwa umeshaanza, kwa kuwa watu huchomoa simu baada ya kuguswa na walichosikia.

Kabla ya kuandika nota hata moja, faili hizo hupangwa kwa asili yake. Jina la faili halitoshi: video iliyoandikwa VID-20190414-WA0007.mp4 inaonyesha siku ilipopokelewa kwenye WhatsApp, na inaweza kuwa ilirekodiwa miaka kadhaa nyuma. Ushahidi ulio bora ni kelele. Mtoto akilia katika ubeti wa pili kwenye faili mbili, mahali palepale, na kilio kikawa na nguvu ileile kikilinganishwa na sauti za waimbaji, hizo ni nakala za rekodi moja. Kilio kikiwa kikubwa kwenye faili moja na cha mbali kwenye nyingine, basi ni simu mbili zilizokuwa katika ukumbi mmoja siku moja. Katika kisa hiki faili tatu zinageuka kuwa nakala za video moja, kwa hiyo rekodi halisi ni 10: tano za tamasha la uimbaji, tatu za ibada ya Jumapili, moja ya mazoezi, na moja ambayo mtu aliirekodi kwa simu kutoka kwenye redio ya kaseti.

Hesabu hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Simu tano za tamasha ni mashahidi watano wa kilichotokea ukumbini siku ile, lakini kuhusu alichokitunga mtunzi ni shahidi mmoja tu. Kwaya ikikosea, simu zote tano zitakosea pamoja nayo.

Faida ya simu nyingi katika tukio moja ni mahali zilipokuwa. Aliyesimama ubavuni mwa sauti ya pili amenasa sauti ya pili kuliko zote. Aliyekuwa nyuma karibu na wanaume amenasa ya tatu na ya nne. Mwalimu huzifungua rekodi tano katika programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo ni ya bure, na kuzipanga moja chini ya nyingine kwa kufuata mlio mkali wa ghafla, kwa mfano kofi la kwanza la wapiga makofi. Hazitalingana kikamilifu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kwenye simu ambayo mwimbaji yuko mita 17 mbali zaidi kuliko mpiga makofi, sauti yake inachelewa nyuma ya kofi kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Zikichezwa zote kwa pamoja hutoa mwangwi unaochosha. Njia inayofaa ni kuzisikiliza kwa zamu: mahali ambapo ngoma imeifanya simu moja ijipunguze sauti yenyewe na waimbaji wakamezwa kwa nusu sekunde, simu iliyokuwa mbali na ngoma huwa bado inawasikia.

Hatua ya pili ni kuitafuta doh. Katika tamasha kinanda kinapigwa, na doh ni G kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika ibada kwaya inaimba bila chombo. Inaanzia G na kumalizia nusu toni chini. Mtu asiye mwangalifu angeandika kwamba wimbo unabadilisha ufunguo. Kushuka kwa uchovu hutambulika kwa kuwa hakuna mstari ambapo kunatokea: sauti zote huteremka pamoja, kidogo kidogo, ubeti baada ya ubeti. Badiliko lililotungwa lina mahali pake na lina nota inayolitayarisha.

Rekodi ya kaseti ina tatizo jingine. Wimbo uko toni nzima juu, mwendo una haraka, na sauti za wanaume zimekuwa nyembamba kama za vijana. Hapo pana mashaka mawili: ama kwaya iliimba katika A, ama redio iliizungusha kanda kwa kasi. Toni nzima ni sawa na ongezeko la kasi la asilimia 12 hivi. Bahati nzuri, nyuma ya wimbo kuna mvumo wa umeme ulioingia kwenye kanda siku ya kurekodi. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika katika 50, 100, 150 na kuendelea. Ukionekana katika 112 na 168, kanda imekimbizwa. Mwalimu anapunguza kasi kwa asilimia 11, mvumo unarudi mahali pake, na doh inaangukia G. Kasi na kimo vishushwe pamoja. Programu ikiambiwa ishushe kimo peke yake, mwendo unabaki wa haraka na sauti za watu zinaharibika.

Baada ya hapo sauti huandikwa moja moja. Ya kwanza haina taabu. Ya nne ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu maikrofoni ya simu hupunguza sauti za chini na spika yake haizitoi kabisa, hivyo kazi hii haifanyiki bila hedifoni. Besi akiimba G ya chini, koo lake hutoa mitetemo 98 kwa sekunde, pamoja na mitetemo ya juu yake: 196, 294, 392. Simu inaweza kuipoteza ile 98 yote na kubakiza nyingine. Sikio huijaza lenyewe na kusikia nota ya chini ambayo haimo kwenye rekodi. Macho hayana msaada huo: anayetazama mchoro wa sauti kwenye kompyuta ataona mstari wa chini kabisa uko 196, naye ataandika nota iliyo oktavo moja juu. Kinga yake ni kupima nafasi kati ya mstari na mstari. Nafasi ikiwa 98, nota ni ya 98, hata kama mstari wenyewe haupo.

Maneno nayo yana mtego wake. Simu za zamani, na baadhi ya programu za kurekodi, hukata kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya s na f iko huko. T hupoteza makali yake na kuanza kufanana na k. Katika ubeti wa tatu, rekodi moja ya ibada inasikika kama "tukavuka" na nyingine kama "tutavuka". Silabi ni moja tu, lakini ya kwanza inasimulia safari iliyokwisha na ya pili inaahidi safari inayokuja. Hapa hapigwi kura. Mwalimu anatazama vitenzi vinavyozunguka, anaona ubeti mzima umesimuliwa kwa -li- na -ka-, kisha anaitafuta rekodi iliyo safi kuliko zote hata kama ni fupi. Video ya ibada iliyorekodiwa kutoka benchi la mbele inampa k isiyo na shaka.

Pagumu kuliko pote ni mwisho wa kiitikio. Rekodi nane, yaani zote za tamasha na za ibada, zina sauti ya kwanza ikiimba la, fa, so. Mazoezi na kaseti zina la, fe, so, fa ikiwa imepandishwa nusu toni. Kwa hesabu ya vichwa fa imeshinda nane kwa mbili. Lakini rekodi ya mazoezi ni ya mtunzi mwenyewe akifundisha. Waimbaji wanafika pale, wanaimba fa, naye anagonga meza. Wananyamaza. Anaiimba fe peke yake, anairudia akiivuta, kisha anasema, "Hapo msishuke." Wanarudia, safari hii wanaipata. Na katika video ya tamasha iliyochukuliwa karibu na spika, mpiga kinanda bado anapiga fe huku waimbaji wakiimba fa. Mkwaruzano wa nota hizo mbili unasikika wazi. Kwa hiyo nane zile ni mazoea yaliyoingia baada ya mtunzi kuondoka, kwani fa ni rahisi kwa koo. Fe ndiyo inayoandikwa, na fa inatajwa pembeni ya karatasi.

Bado kuna mapengo. Sauti ya tatu katika ubeti wa tatu haisikiki popote isipokuwa nota chache. Mwalimu aliyefunzwa kwa vitabu vya tenzi anajua kanuni za kuijaza, na hapo ndipo wengi huuharibu wimbo. Watunzi wengi wa kwaya za Kiafrika huzipeleka sauti sambamba, jambo ambalo kanuni hizo huliwekea mipaka, na anayejaza kwa kanuni husahihisha kisichokuwa kosa. Lililo salama zaidi ni kuangalia sauti ya tatu inavyotembea katika beti zinazosikika, kuifuata mienendo hiyo, na kutia mabano kila nota iliyokisiwa.

Mwisho huitwa waimbaji wa zamani, na utaratibu wa kuwauliza una maana kubwa. Kila mmoja huimba sauti yake akiwa peke yake, kabla hajasikia rekodi wala kilichoandikwa. Aliyekwisha kusikia hukumbuka alichosikia sasa, na ushahidi wake wa zamani hauwezi kupatikana tena. Katika kisa hiki mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu anaijaza mistari miwili ya ubeti wa tatu, na anachoimba kinakubaliana na zile nota chache za kwenye rekodi, kwa hiyo mabano ya mistari hiyo yanaondolewa. Mistari miwili iliyosalia haikumbukwi na yeyote. Kwenye karatasi ya mwisho jina la mtunzi linaandikwa juu, jina la aliyeandika kutokana na rekodi linaandikwa chini, na mistari hiyo miwili inabaki na mabano yake.