Aya Tatu za Kumshawishi Mhariri

Mwandishi wa kujitegemea hana dawati wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Anachouza kwanza ni barua pepe fupi ya kupendekeza habari, na mhariri huisoma haraka katikati ya kazi nyingine. Barua nyingi huanguka kwa sababu zinataja mada tu: "Nataka kuandika kuhusu uhaba wa maji Dodoma." Mhariri anajua Dodoma ni kame. Anachotaka kujua ni swali gani halijajibiwa, na wewe utalijibu kwa njia gani.

Dodoma ni mfano mzuri, maana swali lake limejificha ardhini. Serikali ilianza kuhamia huko mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Tegemeo kubwa la maji limekuwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walipitia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika bonde hilo. Waligundua kwamba maji hayo hayajazwi upya kila mwaka. Hujazwa kwa nadra, katika misimu ya mvua kubwa kupita kiasi, hasa ile inayofuatana na El Nino, kama 1997/98. Kwa hiyo mvua ya kawaida inaweza kunyesha, mahindi yakastawi, na visima visipate nyongeza ya maana. Hapo ndipo ilipo habari, na barua inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu Mhariri,

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, wakazi wa Dodoma mjini waliongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179, huku visima vya Makutupora vikitegemea mvua kubwa zinazokuja kwa nadra. Napendekeza makala ya maneno 1,200 itakayojibu swali moja: je, mji unachota maji haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, na mgawo ukiongezeka nani anaumia?

Kaya tatu za pembezoni zitaandika kwa wiki mbili saa ambazo maji yanatoka na madumu wanayonunua. Nitaomba takwimu za kina cha visima kutoka DUWASA, na nitazungumza na mtaalamu wa maji ya ardhini.

Naishi Dodoma, hivyo gharama ni nauli za ndani tu. Picha nitapiga mwenyewe, na makala itakufikia wiki nne baada ya kukubali.

Wasalaam."

Angalia kwamba barua hii haimtuhumu mtu. Mwandishi akiandika mapema kuwa mamlaka ya maji imeshindwa kazi, amejifunga kwenye jibu kabla ya kuuliza, na mhariri makini ataogopa kesi. Pengine kina cha visima hakijashuka, na tatizo ni mabomba yanayovuja au mtandao usiofika mitaa mipya. EWURA, mdhibiti wa huduma hizi, hutoa ripoti za utendaji wa mamlaka za maji, na humo hutajwa kiasi cha maji kinachopotea kabla ya kulipiwa. Soma ripoti hiyo kabla ya kutuma barua. Ukikuta upotevu ni mkubwa, swali lako linabadilika, na ni bora libadilike mapema kuliko katikati ya kazi.

Daftari la kaya ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ratiba ya mgawo hueleza maji yanapopaswa kutoka. Daftari linaeleza yalipotoka kweli. Pia linakupa bei. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tuseme muuzaji wa mkokoteni anatoza shilingi 300 kwa dumu: uniti hiyo imemgharimu mama wa nyumbani shilingi 15,000. Weka kiasi hicho kando ya bei ya uniti iliyo kwenye bili ya jirani mwenye bomba, na msomaji ataona mwenyewe ni nani anayelipia mgawo. Ila kaya tatu haziwakilishi jiji zima, na makala iseme hivyo waziwazi.

Tuma kwa mhariri mmoja kwa wakati mmoja. Wahariri wawili wakikubali siku moja, utalazimika kumwangusha mmoja, na wanafahamiana. Asipojibu baada ya wiki moja, mkumbushe kwa sentensi mbili. Akiendelea kukaa kimya, mwarifu kwa heshima kwamba unaipeleka kwingine. Akikubali, pateni kwa maandishi malipo, urefu, tarehe ya kukabidhi na nani anabeba nauli, kabla kaya ya kwanza haijaanza kuandika daftari lake.