Pipi za Vitamini: Mwanao Anazihitaji Kweli?

Ukiingia sebuleni kwa wanandoa wengi vijana wa Dodoma, iwe Ilazo, Kisasa au Nkuhungu, hukosi kukiona kile kichupa juu ya friji. Kina picha ya dubu anayecheka, na ndani yake mna pipi laini za jeli, nyekundu, njano na kijani. Mama analalamika kwamba mtoto hali, shoga yake anamwambia ampe vitamini, na baba akitoka kazini anapitia famasi. Mambo yamekwisha!

Au ndiyo kwanza yanaanza? Hebu tukifungue hicho kichupa pamoja, msomaji.

Kweli hali?

Mtoto akishavuka mwaka mmoja, kasi yake ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua nayo. Ndiyo maana yule aliyekuwa anamaliza bakuli la uji, leo anakula vijiko vinne na kukimbia. Kipimo cha kweli hakiko kwenye sahani, kiko kwenye kadi ya kliniki. Kama mstari wa uzito unapanda vizuri na mtoto anacheza, hiyo ni tabia ya umri tu. Mstari ukilala au ukishuka, mpeleke kwa daktari. Pipi haitaunyanyua.

Halafu jiulize anakunywa nini. Mtoto wa miaka miwili anayebugia maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku, anafika mezani tumbo limejaa. Maziwa hayo yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo anaweza kunenepa huku damu yake inapungua. Na ile chai anayopewa pamoja na chakula huzuia chuma cha kwenye mboga na nafaka kisifyonzwe vizuri. Punguza maziwa, ondoa chai mezani, na mara nyingi utaona mabadiliko kabla hujatoa hela yoyote.

Chakula asichokitaka usimlazimishe, ila usikifute kwenye ratiba. Mwekee kidogo tu, kijiko kimoja, leo na wiki ijayo. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi ndipo wakikubali. Hapa kwetu bahati tunayo: mlenda wenye karanga, dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye mboga, maharage, papai. Na unga mweupe wa ubuyu (siyo ule wa rangi wa dukani!) una vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza chuma. Ukoroge kwenye uji ukishapoa kiasi, maana moto mkali huiharibu hiyo vitamini.

Nani anazihitaji basi?

Wapo, tena wapo wengi tu. Mtoto aliyezaliwa njiti huhitaji chuma cha ziada. Mwenye selimundu hupewa asidi ya foliki. Yupo asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, yupo mwenye ugonjwa wa muda mrefu, na yupo aliyepimwa damu ikaonekana imepungua. Hao wote hupangiwa na daktari, kwa kipimo cha uzito wao.

Vitamini A nayo, mwanao huenda tayari anaipata. Kila Juni na Desemba vituo vya afya hutoa matone kwa watoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5. Wa mwaka mmoja na kuendelea hupata yuniti 200,000 kwa mkupuo, na mwili huzihifadhi kwenye ini kwa miezi kadhaa. Angalia kadi yake kabla ya kununua nyingine.

Tena usidhani kwamba kirutubisho hakina madhara hata kidogo. Pemba, watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima kwanza. Mwaka 2003 ilibidi wasimamishe. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kuwa waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa sababu Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali. Waliokuwa na upungufu wa chuma, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria mapema, wao walinufaika. Ndiyo maana panapo malaria, chuma huenda pamoja na kinga na matibabu ya malaria, siyo kununuliwa kiholela.

Akikifikia kichupa

Sasa tuje kwenye jambo la kukunyima usingizi. Tuseme mtoto wa miaka mitatu, kilo 14, amepanda kiti na kula pipi 30. Swali la kwanza ni moja tu: zina chuma? Pipi nyingi za jeli hazina, kwa sababu chuma huharibu ladha. Kama hazina, atakachopata mara nyingi ni kichefuchefu na kuharisha. Bado mpigie daktari umsomee lebo.

Vitamini A kwenye pipi hizo ina hatari ya aina nyingine, ya polepole. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hatakiwi kuzidisha mikrogramu 600 kila siku za ile iliyotengenezwa tayari. Pipi mbili zikiwa na 400, basi nne zina 800. "Mpe mbili za ziada, anazipenda" ikiendelea kwa miezi, ini huumia.

Chuma ndicho muuaji. Hesabu yake ni nyepesi: kuanzia miligramu 20 za chuma halisi kwa kila kilo ya mtoto, sumu huanza kujionyesha, zaidi ya 60 kwa kilo, maisha yako hatarini. Kwa mtoto wetu wa kilo 14, hizo 20 ni sawa na miligramu 280. Vidonge vya kutafuna vyenye miligramu 15 kila kimoja, 19 vinatosha kufika hapo. Lakini fungua mkoba wako, mama mjamzito. Kile kidonge cha kuongeza damu ulichopewa kliniki kina chuma halisi kama miligramu 60. Vitano tu vinampita!

Dalili zake zinadanganya. Ndani ya saa sita mtoto hutapika na kuharisha, pengine na damu. Kisha anatulia, anaomba maji, mnashukuru Mungu. Utulivu huo unaweza kuwa wa uongo, kwani baada yake presha inaweza kushuka na ini kushindwa kazi.

Kwa hiyo usimsubirishe. Usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Hata mkaa wa hospitali haukamati chuma. Beba kichupa chenyewe, hesabu vilivyobaki, kumbuka saa na uzito wake, na nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Huko wanaweza kupima damu, kupiga eksirei kuona vidonge tumboni, na kuamua kama anahitaji dawa ya kukiondoa chuma mwilini.

Na leo jioni, kabla ya tamthilia kuanza, fanyeni haya wawili. Kichupa na vidonge vya mama viende kwenye kabati lenye kufuli, siyo juu ya friji wala kwenye mkoba. Na msiziite "pipi" mbele yake. Mwambieni ni dawa, maana ndivyo zilivyo.