SOKO LA AJIRA: Nusu dakika mezani kwa mwajiri

Katika masoko mengi muuzaji hukaa na bidhaa yake na mnunuzi huzunguka. Siku ya maonyesho ya ajira vyuoni mambo hugeuka. Mnunuzi, yaani mwajiri, ndiye anayekaa mezani, na wauzaji hupanga foleni wakiwa na wasifu mkononi. Wote wana shahada zinazofanana, wengi wamefundishwa na walimu wale wale, na kila mmoja hupewa muda mfupi mno wa kujieleza.

Ufupi wa muda huo unaweza kupimwa kwa hesabu ndogo. Chukua maonyesho yanayofunguliwa saa 3:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 alasiri. Ukiondoa saa moja ya hotuba, chakula na sala, zinabaki saa sita, sawa na dakika 360. Kampuni ikileta maofisa wawili, inakuwa na dakika 720 za kuzungumza na watu. Wanafunzi 300 wakipita kwenye meza hiyo, kila mmoja anapata dakika mbili na sekunde 24, hata kama maofisa hao hawatanyanyuka vitini.

Katika sekunde hizo 144, salamu na kusogea mezani huchukua kama 20. Ofisa akiutazama wasifu kwa sekunde 30 na kuuliza swali moja au mawili kwa sekunde 45, na mwanafunzi akajitambulisha kwa nusu dakika, zinabaki sekunde chini ya 20 za kuagana na kuandika. Nusu dakika ya utambulisho ndiyo pekee iliyo mikononi mwa mwanafunzi. Nyingine zote ni za mwajiri.

Kinachoandikwa pembeni

Wanafunzi wengi hudhani kazi ya utambulisho ni kumfurahisha ofisa pale pale. Ofisa hawezi kutoa ajira mezani. Anachofanya ni kuupokea wasifu, kuandika maneno machache kwenye pembe ya juu ya karatasi, na kuuweka kwenye moja ya mafungu: wa kuitwa, wa kufikiriwa, na wengine. Jioni, akiwa amechoka na amesahau nyuso karibu zote, anarudi na karatasi hizo ofisini. Kinachomtetea mwanafunzi wakati huo ni yale maneno machache ya pembeni.

Kwa hiyo kipimo cha utambulisho mzuri ni kama umempa ofisa kitu cha kuandika. "Mchapakazi" hakiandikiki, kwa sababu wote 300 wamesema hivyo. "Aligundua ankara 14 zilizoandikwa mara mbili" kinaandikika, na hakuna mwingine katika foleni mwenye nacho.

Kauli mbili za mtu mmoja

Tuseme kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhasibu aliyefanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kwa mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi. Akijieleza kama wengi wanavyojieleza, atasema hivi:

"Kwa majina naitwa Fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa chuoni, nachukua shahada ya kwanza ya uhasibu. Elimu yangu ya msingi nilipata Morogoro, sekondari nikasoma Iringa, na kidato cha tano na cha sita nilimalizia Tabora. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma na napenda kujifunza. Nimefanya pia mafunzo kwa vitendo katika kampuni moja hapa mjini. Nimesikia kampuni yenu ni kubwa na ningependa sana kupata nafasi. Niko tayari kufanya kazi yoyote mtakayonipa."

Hayo ni maneno 70, na kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo hayavuki nusu dakika kwa mbali. Kasoro yake si urefu. Habari za shule zote tatu zimo kwenye wasifu ambao ofisa ameshaushika. Sifa nne zilizofuata hazina ushahidi. Kitu pekee chenye thamani, yaani mafunzo kwa vitendo, kimepitiwa kwa sentensi moja isiyosema lolote. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote, ingawa imesemwa kwa unyenyekevu. Ofisa amekuja na orodha ya nafasi za idara fulani, na mtu wa "kazi yoyote" hana idara. Karatasi yake inaingia fungu la wengine.

Mtu huyo huyo, akiwa na habari zile zile, angeweza kusema:

"Naitwa Fulani, nipo mwaka wa tatu wa uhasibu, namaliza Julai. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, nililinganisha kadi za stoo na hesabu ya mzigo uliokuwepo. Nikagundua ankara 14 zilizoandikwa mara mbili. Ninyi mna maghala mikoani, na mimi natafuta nafasi ya kuanzia kwenye udhibiti wa stoo. Je, kazi hiyo kwenu hufanywa na watu wa fedha au wa ugavi?"

Hayo ni maneno 62. Sentensi ya kwanza inamweka mahali: fani, mwaka, na tarehe ya kupatikana, ambayo ofisa anaihitaji ili ajue kama ni mtu wa mwaka huu au wa mwakani. Mbili zinazofuata ni tukio moja lenye idadi. Mfanyabiashara yeyote anaelewa uzito wake: ankara ya manunuzi ikiingizwa mara mbili, kadi huonyesha mzigo mwingi kuliko uliopo, na tajiri huanza kumshuku mtunza stoo wizi ambao haukutokea. Sentensi ya nne inaunganisha tukio hilo na mwajiri huyu na kutaja nafasi inayotafutwa. Swali la mwisho linamrudishia ofisa zamu ya kusema. Pembeni ataandika "stoo, ankara 14, Julai", na yatosha.

Asiyewahi kufika kwenye ghala la mtu anaweza kulipata tukio lake kwenye kazi ya mradi chuoni, kwenye uhazini wa chama cha wanafunzi, au kwenye duka la familia alilokuwa akilifungia hesabu wakati wa likizo. Masharti ni mawili tu: alifanya nini yeye mwenyewe, na kitu gani kilibadilika.

Idadi lazima iwe ya kweli, kwa kuwa swali litakalofuata litaipima. Ofisa mzoefu atauliza, "Ulizijuaje hizo 14?" Aliyeifanya kazi atajibu bila kusita kwamba alipanga ankara kwa namba badala ya tarehe, na zilizojirudia zikakaa pamoja. Aliyetunga atababaika, na kuanguka hapo ni kubaya kuliko kutosema kitu. Kwa sababu hiyo matayarisho hayaishii kwenye nusu dakika. Kila sentensi ya utambulisho iwe na jibu lake la sekunde 15 au 20 nyuma yake.

Kazi ya kabla ya siku

Orodha ya kampuni zitakazoshiriki kwa kawaida hutangazwa mapema. Katika 40, mwanafunzi achague sita, na azisome: zinafanya nini, wapi, na zimewahi kutangaza nafasi gani. Sentensi tatu za mwanzo hubaki vile vile kwa meza zote sita. Mbili za mwisho hubadilika kwa kila mwajiri. Anayetumia maneno yale yale kila meza hujulikana upesi, kwa sababu hawezi kueleza kwa nini amesimama hapo na si meza ya jirani.

Utambulisho uandikwe kwanza, kisha usemwe kwa sauti mbele ya saa, kwa kuwa kusoma kimya huficha urefu. Ukizidi sekunde 30, kata sentensi nzima. Kuongeza kasi hakusaidii, kwa maana ukumbi una kelele na ofisa atakosa nusu ya maneno. Aidha, usikaririwe kama ngonjera. Kinachokaririwa ni mfuatano: mahali, tukio, idadi, nafasi, swali. Maneno yenyewe yaachwe yabadilike kidogo kila mara. Aliyekariri neno kwa neno akikatizwa katikati hurudi mwanzo, na muda wake umekwisha.

Baadhi ya waajiri, hasa mabenki na kampuni za ukaguzi wa hesabu, huhamia Kiingereza ghafla ili kupima. Matayarisho ya pili kwa lugha hiyo ni lazima, yakitungwa upya badala ya kutafsiriwa, kwa kuwa maneno ya Kiingereza ni mafupi na idadi yake kwa nusu dakika huwa kubwa zaidi.

Salamu haihesabiwi ndani ya nusu dakika, wala isirukwe. Ofisa aliye na umri wa mzazi apewe shikamoo yake, na aliye rika aulizwe habari za kazi. Baada ya kuitikiwa, mwanafunzi aanze mara moja.

Dalili mezani

Ni busara kuanza na meza ya tatu au ya nne katika orodha ya sita, ili makosa ya mwanzo yasiangukie meza inayotamaniwa zaidi. Akiwa kwenye foleni, asikilize ofisa anawauliza nini waliotangulia.

Matokeo huonekana papo hapo. Ofisa akiuliza, "Kwa hiyo unasoma nini?", sentensi ya kwanza haikusikika, pengine kwa kuharakishwa. Akimkabidhi kipeperushi huku akimtazama anayefuata, hakupata cha kushika. Akiuliza juu ya tukio, au akichukua kalamu, bidhaa imeonekana. Mwanafunzi aulize jina la ofisa na njia ya kutuma maombi, aandike akiwa pembeni, kisha aitaje siku hiyo na lile tukio katika barua yake ya maombi.

Hata hivyo, nusu dakika ina mipaka yake. Kampuni nyingi hupokea maombi kwa njia ya mtandao tu, na aliyesifiwa mezani asipojaza fomu hahesabiwi. Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maneno ya mezani hayana nafasi: tangazo, maombi kwenye mfumo na usaili ndiyo njia. Kwa waajiri wengine, kazi ya utambulisho ni kuhakikisha kwamba jina likitokea miongoni mwa mamia ya maombi, yuko mtu ofisini atakayesema, "Huyu ni yule wa ankara 14."